Miezi mitano bila mazoezi: nini hurudisha misuli, na kreatini huchangia kiasi gani

Katika jimu ninayofanyia mazoezi, chini kidogo ya kilima cha Bugando hapa Mwanza, kuna mizani ya mshale karibu na mlango, na kando yake hukaa daftari ambalo kila mtu huandika uzito wake na vyuma alivyonyanyua siku hiyo. Mwaka huu daftari hilo lilizua mjadala mrefu. Mwenzetu mmoja, karani wa stoo katika mradi wa ujenzi, alikuwa amehamishiwa Nansio, Ukerewe, kwa miezi mitano, na huko hakugusa chuma hata siku moja. Aliporudi alipima kilo 74, akanunua kopo la kreatini siku hiyohiyo, na baada ya wiki moja mshale ukasimama kwenye kilo 75 na gramu 600. Alituita wote tuje tushuhudie. “Kaka, kopo linafanya kazi,” aliniambia, “kilo moja na nusu ya misuli ndani ya siku saba.”

Kuanzia hapo watu waligawanyika. Wako waliosema kwamba aliyeacha mazoezi miezi mitano ameanza upya kabisa, sawa na mtu ambaye hajawahi kushika chuma, na kwa hiyo bila kopo asingefika popote. Wengine walisema kreatini ni dawa ya kuvimbisha watu, na kwamba akiiacha tu atanywea kama puto. Nimesikiliza hoja za pande zote mbili kwa wiki kadhaa, na naona kwamba zote zinachanganya mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja, yaani mwili kurejea wenyewe katika hali yake ya zamani na kreatini kuongeza kitu kidogo juu ya kurejea huko. Mtu akiyatazama mawili hayo kwa pamoja, ni rahisi kumpa kopo sifa ambayo si yake.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Kulegea, katika makala haya, ni mwili kupoteza sehemu ya nguvu, ukubwa wa misuli na pumzi baada ya mazoezi kusimama kwa wiki au miezi. Kurejea ni kipindi cha kuanza tena hadi kufikia kiwango cha awali. Kreatini ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, hasa katika figo na ini, kutokana na viambato vya protini, na ambacho pia tunakipata katika nyama na samaki. Si homoni, na haina undugu wowote na zile sindano za kukuza misuli ambazo watu huzinong’ona jimu. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 ana akiba ya takribani gramu 120 mwilini mwake, karibu yote ikiwa ndani ya misuli, na kila siku hupoteza gramu moja hadi mbili kwa njia ya mkojo, ambazo chakula na mwili wenyewe huzirudisha.

Kinachopotea si kitu kimoja

Kabla ya kwenda Ukerewe, mwenzetu alikuwa na kilo 79 na alipiga skwati ya kilo 100 mara tano mfululizo. Siku aliyorudi, kilo 75 mara tano zilimtoa jasho na magoti yakamtetemeka. Kwa hesabu ya harakaharaka mtu atasema amepoteza robo ya misuli ya miguu. Haikuwa hivyo, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Fikiria mtumbwi mkubwa wa makasia uliovutwa nchi kavu pale Kirumba na kuachwa miezi kadhaa. Ukiurudisha majini utakuta mambo matatu tofauti. La kwanza ni wapiga kasia wenyewe: ni walewale, mikono yao bado ipo, ila wamepoteza mwendo wa pamoja, huyu anavuta wakati yule anainua. La pili ni mbao, ambazo zimekauka na kusinyaa kwa kukosa maji, hata nyufa zikaonekana. La tatu ni mbao chache zilizooza kweli, ambazo fundi lazima azibadilishe.

Misuli hulegea kwa njia inayofanana sana na hiyo. Wapiga kasia ni mishipa ya fahamu. Kunyanyua chuma kizito ni ustadi, maana ubongo lazima uamshe nyuzi nyingi za misuli kwa wakati mmoja na kuzituliza zile zinazovuta upande wa pili. Ustadi huo haupotei wote, lakini hupata kutu, na ndiyo maana siku ya kwanza chuma ulichokizoea huyumba kama kimefungwa upande mmoja. Mbao zilizokauka ni akiba ya wanga ndani ya misuli, iitwayo glaikojeni. Kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji, na mtu asiyefanya mazoezi huweka akiba ndogo zaidi, hivyo misuli hupungua unene katika wiki za mwanzo kabla nyama yenyewe haijapungua kwa kiasi cha maana. Mtu anayejitazama kwenye kioo wiki mbili baada ya kuacha mazoezi na kulia kwamba “misuli imeisha” kwa kawaida anaomboleza maji. Mbao zilizooza ni nyuzi za misuli zilizopungua unene kweli kwa sababu mwili umeacha kuzijenga kwa kasi ile ya zamani, na hili huchukua muda mrefu zaidi kuonekana.

Ndiyo maana mpangilio wa kupotea haulingani. Pumzi hutangulia, kwa kuwa ujazo wa damu huanza kushuka ndani ya siku chache, na aliyekuwa anapanda ngazi za Bugando bila kuhema atahema baada ya wiki mbili tu. Nguvu ya kunyanyua hustahimili zaidi: kwa wiki tatu hadi nne watu wengi hubaki karibu na kiwango chao, kisha huanza kuteremka taratibu. Kwa hiyo aliyekosa mazoezi kwa wiki mbili za msiba au za mfungo hana sababu ya kuhofu. Miezi mitano ni jambo jingine, lakini hata hiyo haimrudishi mtu kwenye sifuri.

Hili la sifuri lina ushahidi wa miaka mingi. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Robert Staron walichapisha matokeo ya wanawake waliofanya mazoezi ya vyuma kwa wiki 20, wakaacha kwa zaidi ya wiki 30, kisha wakaanza tena kwa wiki sita. Wiki hizo sita ziliwarudisha kwa kasi ambayo mwanafunzi mpya hawezi kuipata. Mwaka 2024 watafiti wa Finland walichapisha jaribio lililo karibu zaidi na maisha yetu. Kundi moja lilifanya mazoezi wiki 20 bila kukatisha, kundi la pili likafanya wiki kumi, likapumzika wiki kumi, kisha likafanya wiki kumi nyingine. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa kwa nguvu na kwa ukubwa wa misuli, kwa kuwa waliopumzika walirudisha walichopoteza katika wiki chache za mwanzo. Tena katika ile mapumziko nguvu ilishuka kidogo kuliko ukubwa wa misuli, jambo linaloonyesha kwamba wapiga kasia hawasahau upesi.

Ndani ya nyuzi kuna sababu nyingine inayotajwa sana, na inafaa ielezwe kwa tahadhari. Uzi wa msuli una viini vingi, na kila kiini husimamia ujenzi wa sehemu yake. Mazoezi huongeza viini hivyo. Katika panya, utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba viini vilivyoongezeka vilibaki hata msuli uliposinyaa, mithili ya mataruma ya mtumbwi yanayosalia wima baada ya mbao kung’olewa, hivyo fundi hana haja ya kuanza na gogo. Kwa binadamu matokeo ya tafiti hayajaafikiana kuhusu viini hasa, ila jambo lenyewe, kwamba aliyewahi kujenga msuli huujenga tena upesi, halina ubishi. Watu huliita kumbukumbu ya misuli.

Nikiwa hapo niondoe dhana moja inayorudi kila mwaka: misuli haigeuki kuwa mafuta mtu anapoacha mazoezi. Ni vitu viwili tofauti, kama mbao na lami. Kinachotokea ni kwamba moja hupungua kwa kukosa kazi huku jingine likiongezeka kwa sababu mtu ameendelea kula chakula cha mnyanyua vyuma bila kunyanyua vyuma.

Kreatini inaingilia wapi

Msuli unapovuta, hulipa kwa sarafu moja tu, iitwayo ATP. Mfikirie mama anayenunua dagaa pale Mwaloni. Fedha taslimu aliyo nayo mkononi ni kidogo, inaisha mara moja. Hiyo ndiyo ATP, ambayo katika kazi nzito hutosha sekunde chache tu. Pembeni yake amesimama shoga yake mwenye noti mkobani, ambaye humwazima papo hapo bila maswali. Huyo ni kreatini iliyobeba fosfati, nayo husaidia kwa sekunde kumi hivi. Fedha iliyo kwenye simu, ambayo lazima aitoe kwa wakala, ni wanga. Fedha ya benki, iliyo nyingi lakini ya foleni ndefu, ni mafuta yanayochomwa kwa hewa ya oksijeni.

Kunywa kreatini ni kumjazia yule shoga mkoba. Kwa mtu wa kawaida akiba ya ndani ya misuli huongezeka kwa takribani asilimia 20. Matokeo yake hayaonekani kwa anayekimbia kutoka Capri Point hadi Nyegezi, kwa sababu mbio ndefu hulipwa na benki. Huonekana katika seti fupi na nzito: pale ambapo rudio la tano lilikuwa la mwisho, la sita linawezekana, na baada ya kupumzika dakika mbili mkoba umejaa tena vizuri zaidi. Kreatini, kwa maneno mengine, haijengi msuli kwa mkono wake wenyewe kwa kiasi cha kutegemewa. Inakuwezesha kufanya kazi kidogo zaidi, na ni kazi hiyo inayojenga.

Sasa turudi kwenye ile kilo moja na gramu 600. Mwenzetu alikunywa gramu 20 kwa siku kwa siku tano, amezigawa mara nne, kisha gramu tano kila siku. Kreatini inapoingia ndani ya msuli huvuta maji pamoja nayo, na ongezeko la kilo moja hadi mbili katika wiki ya kwanza ni jambo la kawaida kabisa kwa anayeanza kwa dozi kubwa namna hiyo. Juu ya hayo, kurudi kwenye mazoezi na kula wali na ugali vizuri kulianza kurudisha glaikojeni na maji yake. Mwili hauwezi kutengeneza kilo moja na nusu ya nyama mpya ya misuli kwa siku saba. Alichoona kwenye mizani kilikuwa mbao za mtumbwi zikinywa maji. Si uvimbe wa ugonjwa, kwani sehemu kubwa ya maji hayo yamo ndani ya chembe za msuli, lakini pia si misuli iliyojengwa.

Mwaka 2025 watafiti wa Australia walichapisha jaribio lililolitenganisha jambo hili kwa ustadi. Waliwapa kundi moja gramu tano za kreatini kwa siku kwa wiki nzima kabla ya mazoezi kuanza, wakawapima, ndipo wakaanza mazoezi ya wiki 12. Waliokunywa walipata nusu kilo hivi ya uzito usio wa mafuta katika wiki ile ya kwanza, kabla hawajanyanyua chochote. Katika wiki 12 zilizofuata makundi yote mawili yaliongeza kiasi kilekile, kilo mbili hivi. Tafiti nyingine nyingi zimeona faida kubwa kidogo kuliko hiyo, hasa katika nguvu, na mimi sidhani kwamba jaribio moja linafuta mengine yote. Hata hivyo linatufundisha kutoisoma mizani ya wiki ya kwanza kama cheti.

Je, kwa mtu aliyelegea hasa? Utafiti unaosogea karibu zaidi ulifanyika Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2001 na Peter Hespel na wenzake. Vijana wenye afya walifungwa plasta mguu mmoja kwa wiki mbili, kisha wakafanya mazoezi ya kuurudisha kwa wiki kumi, nusu yao wakinywa kreatini na nusu wakinywa unga usio na kitu. Wakati wa plasta, kreatini haikuzuia chochote. Makundi yote yalipoteza msuli na nguvu kwa kiasi kinacholingana. Katika mazoezi ya kurejea ndipo waliokunywa walipotangulia, kwa ukubwa wa paja na kwa nguvu ya goti. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2017, la mguu kufungwa kwa siku saba, lilithibitisha ile sehemu ya kwanza: bila kazi, kreatini haikulinda msuli wala nguvu. Na wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kano za goti, katika jaribio la Marekani la mwaka 2004, hawakupata nafuu ya ziada kwa kuinywa wakati wa kurejea, yumkini kwa sababu goti lenye maumivu haliruhusu seti nzito ambazo ndizo kreatini huzisaidia.

Ukiziweka tafiti hizo pamoja na zile za kumbukumbu ya misuli, jibu langu ni hili: kurejea haraka ni kazi ya mwili uliowahi kujengwa, na kreatini huweza kukupunguzia njia kidogo, ikiwa tu unafanya mazoezi mazito ya kutosha kuitumia.

Daftari la wiki tisa

Mwenzetu alikubali tulifungue daftari lake ukurasa kwa ukurasa, na ni mfano mzuri kwa sababu aliandika kila kitu. Wiki ya kwanza, baada ya kile kilo 75 cha siku ya kurudi, kocha alimshusha hadi kilo 60 za skwati, seti mbili za marudio matano, siku tatu kwa wiki. Alilalamika kwamba anadharauliwa. Siku mbili baadaye alikuwa anateremka ngazi kwa kushika ukuta, na hakulalamika tena. Wiki ya tatu alikuwa kwenye kilo 85, wiki ya sita kilo 95, na wiki ya tisa akapiga kilo 100 mara tano. Uzito wa mwili wakati huo ulikuwa karibu kilo 78.

Tazama mwendo wa kupanda. Nguvu iliongezeka kwa kasi kubwa mwanzoni, halafu ikapungua kasi kadiri alivyokaribia alipokuwa. Huo ndio mwendo wa kumbukumbu ya misuli: kwanza wapiga kasia wanakumbuka mdundo, maji yanarudi, kisha mbao zenyewe zinabadilishwa taratibu. Kama kreatini ilimwezesha kufanya rudio moja la ziada katika seti ya mwisho ya kila siku ya mazoezi, basi kwa wiki tisa ni marudio 27 ambayo asingeyafanya. Ni kitu, na baada ya miezi hujumlishana, lakini kwa mtazamo wangu angefika kilo 100 hata bila kopo, labda wiki moja au mbili baadaye. Mtu mmoja na daftari lake hawathibitishi jambo. Mfano huu unatuonyesha tu mahali pa kutafuta kila kitu.

Kosa la wiki ya kwanza ndilo ninaloliogopa zaidi kuliko kununua kopo lisilo na haja. Akili inakumbuka kilo 100, lakini msuli uliopumzika miezi mitano umepoteza kinga yake dhidi ya maumivu ya baada ya mazoezi, nazo kano hurejea polepole kuliko misuli. Anayeanza na nusu au zaidi kidogo ya uzito wake wa zamani, kwa seti chache, hupoteza wiki moja tu. Anayejaribu kumaliza yote siku ya kwanza huweza kuharibu nyuzi nyingi kwa mpigo hadi mabaki yake yakaelemea figo. Dalili ni misuli kuvimba na kuuma kupita kiasi, pamoja na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Hapo haifai kungoja wala kunywa kitu. Ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa anayeamua kuitumia kreatini, dozi haina siri. Gramu tatu hadi tano kwa siku zinatosha. Ile dozi ya gramu 20 kwa siku tano hujaza misuli ndani ya wiki moja, ilhali gramu tatu kwa siku huifikisha palepale baada ya wiki nne hivi, bila tumbo kuharisha. Saa ya kunywa haina uzito mkubwa. Kopo la gramu 300 litakutosha siku 60 kwa gramu tano, au siku 100 kwa gramu tatu, hivyo anayekuuzia kopo la mwezi mmoja anakuhesabia vibaya. Aina iliyofanyiwa tafiti nyingi ni kreatini monohaidreti, na ndiyo ya bei nafuu. Ukiikoroga gramu tano katika glasi ya maji baridi ya friji, chembechembe zitabaki chini kama mchanga laini wa ufukweni, kwa kuwa haiyeyuki yote kwenye maji machache na ya baridi. Unga unaoyeyuka wote mara moja na kuacha ladha ya sukari unastahili kutiliwa shaka.

Nimewasikia pia wanaosema kwamba sisi wa kando ya ziwa hatuihitaji, kwa sababu tunakula samaki. Wana sehemu ya ukweli. Kilo moja ya nyama au samaki mbichi ina gramu nne au tano hivi za kreatini, na jiko huipunguza kidogo. Robo kilo ya sato inakupa gramu moja. Kufikia gramu tano ungelazimika kumaliza zaidi ya kilo moja kila siku, jambo ambalo hata mvuvi halifanyi. Ila ni kweli kwamba anayekula samaki na nyama kila siku ana mkoba uliokwisha kujaa kiasi, na huweza kuona tofauti ndogo, wakati asiyekula vyote viwili huona kubwa zaidi. Baadhi ya watu hawaoni kitu kabisa, na baada ya miezi miwili ya daftari lisiloonyesha tofauti hakuna sababu ya kununua kopo jingine.

Kuhusu figo, utata unatokana na jina. Kreatini iliyotumika hubadilika kuwa kreatinini, na kreatinini ndiyo hupimwa maabara kukadiria kazi ya figo. Mtumiaji anaweza kuonyesha kiwango kilichopanda bila figo kuwa na tatizo, kwa hiyo mwambie daktari kabla hajatoa damu. Kwa watu wenye figo nzima, tafiti za dozi za kawaida hazijaonyesha madhara. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari wake. Uvumi wa nywele kunyonyoka nao ulianzia kwenye utafiti mmoja wa mwaka 2009 wa wachezaji wa raga nchini Afrika Kusini, ambao uliona homoni fulani ikipanda. Nywele zenyewe hazikupimwa.

Na yule aliyesema kwamba akiacha atanywea kama puto? Akiacha, akiba hurudi kwenye kiwango chake cha kawaida baada ya wiki nne hadi sita, na maji yaliyoingia nayo huondoka. Mizani itashuka kwa kilo moja hivi, na rudio lile la ziada linaweza kupotea. Nyama iliyojengwa kwa kazi hubaki maadamu kazi inaendelea.

Swali ambalo mwenzetu aliniuliza mwisho lilikuwa bora kuliko yote tuliyobishania. Mradi wake utamrudisha Nansio tena, naye alitaka kujua kama anywe kreatini huko ili asilegee. Nilimweleza habari za plasta ya Ubelgiji na ya Uholanzi, kisha nikamtajia utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, ambapo vijana waliokuwa wamejenga misuli kwa wiki 16 walipunguziwa kazi hadi sehemu moja ya tisa, yaani siku moja kwa wiki yenye seti chache tu nzito. Kwa wiki 32 zilizofuata hawakupoteza ukubwa wa misuli wala nguvu. Waliokuwa na umri wa miaka 60 na zaidi walitunza nguvu, ila si ukubwa. Mwenzetu ana miaka 31. Wiki iliyopita nilimkuta Kirumba akichagua madumu mawili ya lita 20 yenye vishikio imara, akauliza mchanga wa Nansio unaweza kuwa na uzito gani. Nilimwambia dumu moja la maji ni kilo 20, likijazwa mchanga litapita 30, na akayachukua yote mawili.